Tangazo la Nafasi ya Kazi: Mlinzi wa Zamu ya Usiku, Chang'ombe, Dar es Salaam

Uongozi wa ghala la rangi na vifaa vya ujenzi lililopo Chang'ombe, Wilaya ya Temeke, unatangaza nafasi moja ya mlinzi wa zamu ya usiku. Nafasi hii imepatikana baada ya mlinzi mmoja kuhamishiwa zamu ya mchana. Atakayeajiriwa ataungana na walinzi watatu waliopo, ambao hulinda wawili wawili kila usiku. Ajira ni ya moja kwa moja na ghala wala haipitii kampuni ya ulinzi, na mkataba ni wa maandishi wa miaka miwili, ukianza na miezi mitatu ya majaribio. Kazi itaanza Jumanne, tarehe 1 Septemba 2026.

MUDA WA ZAMU

Zamu inaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 asubuhi, na ndani yake kuna saa moja ya mapumziko ambayo walinzi wawili huipokezana ili geti lisibaki bila mtu. Kwa kuwa wanaogawana usiku wote wa wiki ni walinzi wanne, kila mmoja anaingia lindo usiku nne katika wiki moja na usiku tatu katika wiki inayofuata. Mpangilio huu unafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambayo inaruhusu zamu ya saa 12, mapumziko yakiwemo, endapo kuna makubaliano ya maandishi, na mradi mfanyakazi hazidishi siku tano wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwombaji atapewa makubaliano hayo ayasome kabla ya kutia saini mkataba, na ana haki ya kwenda nayo nyumbani akashauriane na mtu anayemwamini.

Tunaomba jambo hili lifikiriwe kwa uzito. Mtu mwenye kazi nyingine ya mchana hataiweza kazi hii, hata akiwa na nguvu kiasi gani, kwa sababu mlinzi asiyelala mchana husinzia saa 9 usiku, na saa 9 usiku ndiyo saa tunayomhitaji zaidi.

MAJUKUMU YA USIKU

Mlinzi akiingia zamu atakabidhiwa lindo na mwenzake wa mchana kwa kuzunguka naye ghala zima, kukagua makufuli na lakiri za milango ya mizigo, kuhesabu funguo zilizo kwenye kabati na kusaini kitabu cha matukio. Asikubali kusaini kabla hajaona kwa macho yake. Kufuli likikutwa limevunjwa asubuhi, na kitabu kikaonyesha kwamba lilikabidhiwa likiwa zima, atakayeulizwa kwanza ni aliyesaini.

Baada ya hapo, mlinzi mmoja anakaa getini na mwingine anapiga doria, kisha wanabadilishana. Doria inafanyika kila baada ya saa moja na haifuati njia ileile wala dakika ileile, kwa kuwa mwizi anayepeleleza ghala huhesabu hatua za mlinzi kwa siku kadhaa kabla hajaruka ukuta. Kila doria inaandikwa kitabuni pamoja na muda na kilichoonekana, hata kama kilichoonekana ni taa iliyoungua au paka juu ya paa.

Malori ya mikoani huingia na kutoka hadi saa 4 usiku. Mlinzi ataandika namba ya gari, jina la dereva na namba ya hati ya mzigo, na hataruhusu gari litoke ikiwa hati haina saini ya mtunza ghala, hata kama dereva anamfahamu na hata kama meneja anasemekana ametoa ruhusa kwa simu. Meneja akitaka kutoa ruhusa ya namna hiyo, atampigia msimamizi wa walinzi, na msimamizi ndiye atakayempigia mlinzi.

Ndani ya ghala kuna rangi za mafuta, tina na gundi, vitu ambavyo mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Kwa hiyo ni marufuku kuvuta sigara, kuwasha jiko au kuchoma takataka popote ndani ya uzio, na mlinzi anatakiwa kujua kila mtungi wa kuzimia moto ulipo na namna ya kuutumia, jambo ambalo atafundishwa katika wiki ya kwanza. Moto ukizidi uwezo wa mtungi, asijaribu ushujaa: apige simu ya Zimamoto na Uokoaji 114, afungue geti, na awatoe watu.

Kazi hii haina silaha ya moto. Vifaa vya lindo ni tochi ya kuchaji, kirungu, filimbi, redio ya mawasiliano na simu ya lindo. Mtu akikamatwa ndani ya uzio, mlinzi atamweka chini ya ulinzi, atapiga 112 na atamjulisha msimamizi, wala hatampiga, kumfunga kamba kwa namna ya kumuumiza au kuwaita wapita njia wamwadhibu. Mlinzi atakayempiga mshukiwa aliyekwisha kudhibitiwa atachukuliwa hatua za kinidhamu, na akishtakiwa mahakamani atajibu kwa jina lake mwenyewe.

SARE

Mlinzi atapewa mashati mawili na suruali mbili za rangi ya bluu iliyoiva, sweta, kofia, mkanda, buti jozi moja, reflekta, kitambulisho chenye picha, na koti la mvua lenye urefu wa kufika chini ya magoti, ambalo wakati wa masika halikwepeki. Mlinzi mwanamke anaweza kuchagua suruali au sketi ndefu, na anayevaa hijabu ataruhusiwa kuivaa kwa rangi ya sare. Vyote hivi vinagharamiwa na mwajiri na hakuna makato yoyote kwenye mshahara kwa ajili yake. Mashati na suruali hubadilishwa kila mwaka, na buti hubadilishwa zikichakaa. Mlinzi anatakiwa kuifua na kuipiga pasi sare yake mwenyewe.

Sare inavaliwa katika chumba cha kubadilishia kilichopo ghalani na kuvuliwa hapohapo zamu inapoisha. Hatutaki ionekane kwenye daladala wala baa, kwa kuwa anayemfuatilia mlinzi hadi nyumbani huanza kwa kuitambua sare. Mlinzi haruhusiwi kuongeza vazi lake lolote la mabaka au linalofanana na mavazi ya majeshi. Anayeacha kazi atarudisha sare na kitambulisho kabla ya kulipwa stahiki zake za mwisho.

SIFA ZA MWOMBAJI

Mwombaji awe Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeweza kusoma na kuandika Kiswahili kwa ufasaha. Hatukuweka ukomo wa umri wala kiwango cha elimu, kwa sababu tumeona watu wa darasa la saba wanaoandika taarifa safi kuliko wenye vyeti. Mafunzo ya mgambo au JKT, au uzoefu wa ulinzi, yatampa mwombaji nafasi nzuri zaidi, lakini si sharti. Wanawake wanahimizwa kuomba.

HATUA ZA UHAKIKI

Mwombaji ataleta barua ya maombi aliyoiandika kwa mkono wake, nakala ya kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa anaoishi yenye picha iliyogongwa mhuri, na majina ya wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana Dar es Salaam au Pwani. Mdhamini asiwe mume au mke wa mwombaji. Aliyewahi kuajiriwa ataje waajiri wake wawili wa mwisho, na tutawapigia simu. Aliyefukuzwa aeleze sababu katika barua, kwani kufukuzwa peke yake hakumwondoi mtu katika mchakato, ila kuficha kutamwondoa.

Watakaopita hatua hiyo wataitwa kwenye usaili Jumatano, tarehe 22 Julai 2026. Usaili una sehemu mbili: maswali ya ana kwa ana, na zoezi la kuandika taarifa ya tukio baada ya kuonyeshwa geti na mzigo wenye kasoro. Baada ya usaili, msimamizi wa walinzi atatembelea makazi ya waombaji watatu bora na kuonana na wadhamini wao kwa ahadi ya siku na saa.

Atakayechaguliwa atapelekwa kupimwa macho, masikio na afya ya jumla katika hospitali tutakayoitaja. Kipimo cha VVU hakimo na hakitaulizwa. Kisha atachukuliwa alama za vidole Polisi kwa ajili ya hati ya tabia njema. Gharama za vipimo na za hati hiyo zinalipwa na mwajiri. Hakuna hatua yoyote ambayo mwombaji atatakiwa kutoa fedha, iwe ya fomu, ya sare au ya "kumshukuru" mtu. Atakayeombwa fedha atoe taarifa kwa meneja, na maombi yake hayatadhurika.

Nyaraka za wasiochaguliwa zitarudishwa kwa watakaozifuata ndani ya siku 30, na zitakazobaki zitaharibiwa, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

MSHAHARA NA TAREHE YA MALIPO

Mshahara wa msingi ni Sh 420,000 kwa mwezi. Juu yake kuna nyongeza ya usiku ya asilimia 5 ya ujira wa saa kwa kila saa inayofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Nyongeza hii si kubwa, kwani itakuwa kati ya Sh 14,000 na Sh 18,000 kwa mwezi kulingana na zamu, lakini ni haki ya mfanyakazi na itaonekana peke yake kwenye hati ya mshahara. Makato ni asilimia 10 ya mchango wa mfanyakazi NSSF, ambapo mwajiri naye anachangia asilimia 10, pamoja na kodi ya mapato kwa kiasi kinachozidi Sh 270,000. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipwa na mwajiri pekee. Kwa hesabu hiyo, mlinzi atapokea mkononi takriban Sh 380,000. Atakayeitwa kujaza zamu ya mwenzake nje ya ratiba atalipwa saa za ziada kwa kiwango cha moja na nusu.

Mshahara unalipwa tarehe 28 ya kila mwezi. Tarehe hiyo ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, malipo yanafanyika siku ya kazi inayotangulia, wala hayasogezwi mbele. Kwa mfano, mshahara wa Novemba 2026 utalipwa Ijumaa tarehe 27. Mshahara wa kwanza utalipwa Jumatatu, tarehe 28 Septemba 2026. Malipo yanaingia kwenye akaunti ya benki au namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mlinzi mwenyewe, na hatulipi kwa namba ya mtu mwingine. Mlinzi atapata pia likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na chai na mlo mmoja katika kila zamu.

NAMNA YA KUOMBA

Maombi yaletwe kwa mkono katika bahasha iliyofungwa, juu yake pakiandikwa "MLINZI WA USIKU", katika geti la bluu lenye bango "GHALA LA RANGI NA VIFAA VYA UJENZI", Chang'ombe, si mbali na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam. Bahasha zinapokelewa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, isipokuwa Jumanne tarehe 7 Julai ambayo ni Sabasaba. Mleta bahasha atapewa stakabadhi yenye namba, na aitunze kwa sababu orodha ya walioitwa kwenye usaili itabandikwa getini Jumatatu, tarehe 20 Julai, kwa namba hizo na si kwa majina. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, tarehe 17 Julai 2026, saa 9 alasiri.

Meneja Rasilimali Watu
Chang'ombe, Dar es Salaam
29 Juni 2026