Mpiga Ngoma wa Studianka

Alfajiri ya tarehe 28 Novemba 1812, brigedi ya Baden, dola ndogo ya Kijerumani iliyopigana upande wa Napoleon, iliamriwa kurudi ilikotoka. Jana yake tu ilikuwa imevuka Mto Berezina kutoka ukingo wa mashariki hadi ule wa magharibi, na askari wake, waliokuwa wametembea tangu Urusi ya ndani wakiwa na njaa na viatu vilivyokwisha kuoza, walilala wakiamini kwamba mto ule hawatauona tena. Lakini usiku huo divisheni ya Jenerali Partouneaux ilizingirwa na Warusi karibu na mji wa Borisov, ikapotea, na Marshali Victor, aliyeachiwa kazi ya kulinda mgongo wa jeshi la Napoleon lililokuwa likikimbia kutoka Urusi, akawa hana watu wa kutosha kushika vilima vilivyo juu ya kijiji cha Studianka. Kwa hiyo watu wa Baden wakarudi darajani wakiwa wamepanga mistari, wakielekea mashariki, huku maelfu ya watu wakiwasukuma kwa vifua kuelekea magharibi.

Katika mstari wa mbele wa batalioni moja alikuwamo Lorenz, mpiga ngoma mwenye umri wa miaka 14. Baba yake, sajini, alikuwa amefia vitani Hispania. Mama yake alizaliwa Strasbourg, ng'ambo ya pili ya Mto Rhine, akamlea kwa Kifaransa nyumbani na Kijerumani mtaani. Hilo ndilo lililomfanya awe tarishi. Jeshi lile lilikuwa na Wafaransa, Wapolandi, Waholanzi, Waswisi, Wareno na Wajerumani wa falme mbalimbali, na amri iliyotoka kwa jenerali ikiwa nzuri iliweza kufika kwa kapteni ikiwa haina maana. Ofisa mnadhimu wa brigedi aligundua mapema kwamba kijana huyu haongezi neno wala hapunguzi, na tena huwa anarudi, jambo ambalo wajumbe watatu waliotumwa kwa farasi asubuhi ile hawakuweza kulifanya.

Mizinga ya Warusi ya Jenerali Wittgenstein ilianza kuwapiga mchana haujafika. Baadhi ya makombora yalipita juu ya mistari ya askari na kuangukia bonde la mtoni, walikojazana watu waliokwisha kupoteza vikosi vyao pamoja na wagonjwa, wake za askari, watumishi na magari ya farasi yaliyosongamana gurudumu kwa gurudumu. Alasiri, risasi za brigedi zilipokaribia kwisha, ofisa mnadhimu akamshika Lorenz begani.

"Shuka darajani. Mwambie ofisa yeyote wa Jenerali Éblé kwamba tuna magari mawili ya risasi yaliyobaki ng'ambo. Tunayataka kabla jua halijatua. Rudia."

Lorenz akarudia neno kwa neno, akashuka mbio.

Kutoka kilimani hadi mtoni hapakuwa mbali. Siku ya kawaida mtoto angefika kabla hajaanza kuhema. Siku ile, hatua mia mbili za mwisho zilikuwa ukuta wa watu. Aliyeingia humo hakutembea tena kwa miguu yake, bali alibebwa, akageuzwa, akarudishwa nyuma na kusukumwa tena mbele, na aliyeanguka hakuinuka. Lorenz alijipenyeza chini ya mhimili wa gari moja, akatokea upande wa pili, na hapo umati ukambana mpaka akashindwa kupumua. Kilichomwokoa ni ngoma. Tangu asubuhi ngozi yake ilikuwa imelowa, ikaganda, na haikutoa mlio wowote wa maana, hata akawa amefikiria kuitupa. Lakini pipa lake la shaba lilikuwa gumu, naye alipolivuta mbele ya kifua kwa mkanda, lilipokea uzito wa watu na kumwachia mbavu zake nafasi ya kupanda na kushuka. Akaendelea hivyo, ngoma mbele, akipumua nyuma yake, mpaka maji yakamfika magotini.

Ndipo alipowaona wajenzi wa madaraja. Watu hawa wanastahili kutajwa kuliko mamarshali wote waliokuwapo siku zile. Tarehe 26 waliingia mtoni na maji yakiwafika mabegani, wakisukuma kando mapande ya barafu kwa mikono, wakasimamisha miguu ya mbao waliyoichonga kutokana na nyumba za Studianka walizozibomoa. Magari ya maboya ya madaraja yalikuwa yamekwisha kuteketezwa kwa amri huko Orsha. Jenerali Éblé alibakiwa na magari machache ya zana, mkaa na viwanda viwili vidogo vya kufulia chuma, na bila hivyo jeshi lote lingekwama. Daraja la askari wa miguu lilikamilika mchana ule, na la pili, la mizinga na magari, jioni. Hili la pili likavunjika mara tatu, na kila lilipovunjika walewale walivua nguo zao na kurudi majini. Wengi wao hawakufika nyumbani.

Mmoja wao, Mholanzi aliyesimama majini huku akishikilia boriti, alimwona mtoto mwenye ngoma akichukuliwa na mkondo, akamdaka kwa mkanda na kumpandisha juu ya mbao. Kapteni wa wajenzi aliinama.

"Umetoka wapi, kijana?"

"Brigedi ya Baden, afande." Meno yalikuwa yakigongana, lakini ujumbe wote ulitoka.

Kapteni alitazama daraja la magari, ambako farasi watatu waliokufa walikuwa wameziba njia, kisha akatazama lile la miguu. "Kawaambie kwamba gari haliwezi kuja mashariki leo, hata angeliamuru mfalme mwenyewe. Risasi zitakuja mabegani mwa watu. Nitatoa ishirini kati ya watu wangu, watazichukua kwa mifuko na kupita pembeni mwa daraja. Wasisubiri magari."

Lorenz alirudi kilimani na jibu hilo. Ishirini wale walipoondoka darajani, ni kumi na mmoja waliofika, na kila mmoja alikuwa na mfuko uliomtosha. Brigedi ikashikilia vilima mpaka giza lilipoingia. Wapanda farasi wa Baden na Hesse, waliobaki wachache, walikuwa wameingia kwa panga katikati ya Warusi ili kuwapatia wenzao nafasi hiyo, na karibu wote waliangamia.

Usiku, amri ya Marshali Victor ikaja: kuvuka kimyakimya, kikosi kimoja baada ya kingine, mioto iachwe ikiwaka ili adui asitambue. Ofisa mnadhimu aliandika karatasi kwa kombania iliyokuwa mbali kuliko zote, pembeni mwa msitu wa mibetula, akampa Lorenz.

"Hakuna kupiga ngoma wala kuita jina la mtu. Ukiwakosa, asubuhi watakuwa peke yao na jeshi zima la Warusi."

Aliwapata kwa kufuata kikohozi. Kapteni wao alifungua karatasi chini ya koti, karibu na kaa la moto, na hakuona kitu ila doa, kwani theluji ilikuwa imeyeyukia kwenye wino.

"Wewe ndiye uliyekuja saa nane mchana," alisema polepole. "Uliniambia nisibanduke hapa hata abaki mtu mmoja."

"Ndiyo, afande. Na sasa amri ni kuondoka."

"Nani kasema?"

"Ofisa mnadhimu, afande, kwa amri ya Marshali."

Kapteni hakuwa mkaidi. Aliyeacha kituo chake mbele ya adui bila amri alipigwa risasi, na hapa alikuwa na karatasi isiyosomeka mkononi mwa mtoto, katika usiku ambao lolote liliweza kuzushwa na woga. Sajini wake akanong'ona kwamba huenda kijana amechanganyikiwa kwa baridi.

Lorenz akapiga goti. Aliigeuza ngoma ili mdomo wake uelekee kifua cha kapteni, akaitandaza ile ngozi iliyoganda kwa kiganja, na kwa kucha za vidole viwili akaanza kugonga. Kwanza aligonga wito wa batalioni yao, ule ambao kila batalioni ilikuwa nao wake na ambao haukufundishwa kwa mgeni; kisha wito wa kombania za pembeni; kisha mapigo ya kurudi nyuma, taratibu, bila kuruka hata moja. Mtu aliyesimama hatua nne hivi asingesikia. Kapteni alisikiliza huku midomo yake ikihesabu, na kabla mapigo hayajaisha alikuwa amekwisha kumgeukia sajini.

"Waamshe kwa kuwagusa. Mabegi yaachwe, bunduki zichukuliwe."

Walishuka wote, thelathini na kitu. Mbele ya madaraja wajenzi wa Éblé walikuwa wamechimba njia, na iliyochimbwa haikuwa udongo, ila miili ya watu na farasi na magari yaliyovunjika, yaliyorundikwa pande zote mbili kama kuta za handaki. Kombania ilipita katikati yake bila kusema. Lorenz alikuwa ametia mguu kwenye mbao za daraja aliposikia sauti aliyoijua.

"Yule mwenye ngoma! Unajua lugha zote mbili, sivyo?" Alikuwa kapteni wa wajenzi. "Asubuhi madaraja yatachomwa. Watu wamekaa kwenye mioto kule, hawataki kuinuka. Sasa daraja ni tupu. Waambie."

Kwa hiyo aliikausha ngoma kwenye moto mpaka ngozi ikakaza, akazunguka kutoka moto hadi moto, akipiga mapigo ya hatari na kutangaza kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani, kwamba njia iko wazi sasa hivi na kesho haitakuwapo. Wapo waliomtazama bila kumwelewa, na wapo waliokuwa wakichoma nyama ya farasi na kumwambia aondoe kelele. Mama muuza vinywaji wa kikosi kimoja cha Ufaransa, aliyekuwa amemlaza mtoto mchanga ndani ya gari lake, alimpa kipande cha nyama.

"Kula, mwanangu. Gari langu halipiti gizani. Kukipambazuka nitavuka."

"Acha gari, mama. Mchukue mtoto tu. Nitambeba mimi."

"Nikiliacha gari, huyu nitamlisha nini?" alimjibu, akafunika turubai.

Walioinuka walikuwa wachache. Éblé alikuwa ameamriwa achome kabla hata jua halijachomoza vizuri. Alichelewesha kadiri alivyothubutu, akiwangoja watu hao, mpaka yapata saa mbili na nusu asubuhi ya tarehe 29, Warusi walipokuwa wakishuka vilimani. Moto ulipowashwa, umati wote uliokuwa umelala ukakimbilia mtoni kwa pamoja. Lorenz, akiwa ukingo wa magharibi, alitafuta lile turubai kwa macho na hakuliona katika moshi.

Alimkuta ofisa mnadhimu kwenye barabara ya Zembin, ameketi juu ya pipa, anaandika.

"Madaraja yamechomwa, afande. Kapteni wa wajenzi anasema watu wake wamevuka."

"Na wale wa kwenye mioto? Waliambiwa?"

"Niliwaambia, afande. Kwa lugha zote mbili, hadi alfajiri."

Ofisa alimtazama kitambo, kisha akaandika mstari mmoja. "Kombania ya msituni iko wapi?"

"Iko mbele, kwenye madaraja ya kinamasi. Kapteni anaomba risasi."

"Hakuna risasi. Kamwambie atumie singe, na ashike madaraja hayo mpaka mizinga yote ipite. Rudia."

Lorenz akarudia, akakaza mkanda wa ngoma, akashika njia ya Zembin.