Ripoti ya spektra ya infraredi: sampuli P-3, asidi iliyotoka kwenye mafuta ya parachichi ya Rungwe

Maabara ya kemia, Mbeya. Kipimo cha marudio baada ya kukausha sampuli.

Mafuta yalikamuliwa kutoka parachichi zilizonunuliwa soko la Mwanjelwa, mzigo wa Rungwe. Yalichemshwa na NaOH kwenye ethanoli, sabuni iliyopatikana ikatiwa HCl, na tabaka la mafuta lililoelea likachotwa kwa heksani. Kilichobaki baada ya heksani kuondolewa ni kimiminika cha manjano hafifu. Swali la ripoti hii ni moja: je, ni asidi ya kaboksili kweli, au ni mafuta yaleyale ambayo hayakuvunjika?

Spektra zilichukuliwa kwa ATR ya almasi, 4000–650 cm⁻¹, uwezo wa kutenganisha 4 cm⁻¹, mapito 32. Vijino viwili karibu na 2350 cm⁻¹ ni CO₂ ya hewani (mpimaji aliinama juu ya mashine akipumua), visisomwe.

| Namba ya wimbi (cm⁻¹) | Sura | Chanzo |
|---|---|---|
| 3300–2500 | pana sana, yenye mteremko | O–H ya asidi |
| 3005 | kijino kidogo | =C–H |
| 2922, 2853 | kali, zenye nguvu | C–H ya mnyororo |
| 1743 | bega dogo | C=O ya esta |
| 1710 | yenye nguvu kuliko zote eneo hili | C=O ya asidi |
| 1285 | wastani | C–O ya asidi |
| 1160 | dhaifu | C–O ya esta |
| 937 | pana, wastani | O–H kupinda nje ya bapa |
| 722 | wastani | mnyororo mrefu wa CH₂ |

Kabonili. Mafuta yenyewe, kabla ya kuchemshwa, yana mkanda mmoja mkali kwenye 1744 cm⁻¹, ambao ni wa esta za trigliseridi. Katika P-3 mkanda mkuu umeshuka hadi 1710. Sababu ya kushuka inajulikana: molekuli mbili za asidi hushikana kwa bondi za haidrojeni, kila C=O ikivutwa na O–H ya mwenzake, hivyo bondi ya C=O inalegea na kutetema kwa namba ndogo zaidi. Lakini 1710 peke yake haitoshi. Ketoni ya mnyororo ulio wazi huonekana karibu na 1715, na kwa upana wa mkanda wetu sitathubutu kuzitenganisha kwa tofauti ya namba tano.

Kinachoamua ni haidroksili. Kuanzia 3300 hadi 2500 msingi wa spektra umezama kama bonde, na mikanda ya C–H imesimama juu yake. Ketoni haina bonde hilo. Alkoholi nayo ingetoa tuta la mviringo kati ya 3550 na 3200, na hapa halipo. Mkanda wa 937 unaunga mkono: ni O–H ya jozi hizo za asidi ikipinda nje ya bapa, na mafuta ya mwanzo hayana kitu kama hicho.

Katika rasimu ya kwanza tuliandika kuwa P-3 ina alkoholi, kwa sababu ya tuta la 3400. Hilo lilikuwa kosa letu. Palikuwa na kamkanda cha 1640 pia, dalili ya maji, na hapakuwa na mikanda yenye nguvu kati ya 1100 na 1030 ambayo gliseroli au ethanoli ingeleta. Sampuli ikapitishwa kwenye salfeti ya sodiamu kavu, vyote viwili vikatoweka.

Kuthibitisha, tone la P-3 lilitikiswa na NaOH baridi, kiasi cha kutosheleza asidi tu, kisha likakaushwa. Mkanda wa 1710 ukaondoka pamoja na bonde la O–H, na mpya ukatokea 1560: ioni ya kaboksilati. Mwenzake wa karibu na 1440 tunauacha, kwa kuwa umeingiliana na CH₂ ya 1465. Ketoni isingebadilika kwa kutiwa besi hivyo. Bega la 1743 halikutikisika, na likichukuliwa pamoja na 1160, linatufanya tuliite esta: mabaki ya mafuta yasiyovunjika. Ni kiasi gani, spektra hii haisemi. Tunaomba thamani ya asidi ipimwe kwa titresheni kabla P-3 haijatumika.

Kijino cha 3005 kinaonyesha bondi mbili kwenye mnyororo, na kwa kuwa hakuna mkanda 966, hatuoni dalili ya umbo la transi. Hilo linalingana na asidi ya oleiki, iliyo nyingi zaidi kwenye mafuta ya parachichi, ila infraredi haitambui urefu wa mnyororo, hivyo jina la oleiki halitaandikwa kwenye lebo. Iandikwe: asidi za mafuta, mchanganyiko, zenye esta kidogo.