Menyu ya Chakula cha Jioni: Maelezo ya Vyakula, Viambato na Vizio

Karibuni mezani.

Kurasa za kushoto za menyu hii zimeandikwa kwa Kiswahili na za kulia kwa Kiingereza, na namba ya kila chakula ni moja katika lugha zote mbili. Mgeni anayesoma Kiswahili na mwenzake anayesoma Kiingereza wakitaja namba 5, wote wawili wametaja sahani ile ile, yenye viambato vile vile na tahadhari zile zile. Hakuna kizio kilichotajwa upande mmoja kikaachwa upande wa pili.

Kabla ya kuagiza

Tafadhali mweleze mhudumu kuhusu mzio wako kabla ya kuagiza, hata kama umewahi kula hapa, kwa kuwa viambato hubadilika tunapobadilisha mapishi. Mhudumu ataandika mzio huo juu ya karatasi ya oda, na mpishi wa zamu atausoma kabla ya kuwasha jiko. Ukiona ni vigumu kueleza, onyesha kwa kidole sentensi hii, ambayo imechapwa mahali pale pale katika ukurasa wa Kiingereza: «Nina mzio wa chakula, na ninaomba kuzungumza na mpishi.»

Tumefuata makundi 14 ya vizio yanayotajwa katika kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011: nafaka zenye gluteni, jamii ya kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, jamii ya korosho na lozi, seleri, haradali, ufuta, salfaiti, lupini, na jamii ya chaza, ngisi na pweza. Tumechagua orodha hiyo kwa sababu ni pana, na tunaamini ni heri mgeni asome onyo asilolihitaji kuliko kukosa analolihitaji.

Neno «Kina» linataja vizio vilivyomo katika chakula chenyewe. Maneno «Huenda kikagusana na» yanataja vile vinavyoweza kukifikia kupitia vyombo, mafuta au tanuri. Jiko letu ni moja na unga wa ngano hutumika humo kila siku, kwa hiyo hatuwezi kumhakikishia mgeni mwenye ugonjwa wa seliaki kwamba chakula chochote hakina gluteni kabisa. Hatupiki nyama ya nguruwe wala hatutumii mafuta yake.

Mgeni akianza kuvimba midomo au ulimi, kukosa pumzi au kuishiwa nguvu baada ya kula, mwite mhudumu yeyote papo hapo. Mwenye sindano ya adrenalini asisubiri hali izidi ndipo aitumie, na hata akipata nafuu bado tutaita gari la wagonjwa, kwani dalili zinaweza kurudi.

Vyakula vya kuanzia

1. Supu ya maboga. Maboga huokwa hadi kingo zianze kugeuka rangi, kisha huchemshwa kwa maji ya mboga yenye vitunguu, karoti na seleri, yakasagwa na kumaliziwa kwa krimu. Krimu tunaweza kuiacha ukitaka. Seleri hatuwezi kuiondoa, kwa kuwa imo katika supu tangu asubuhi.
*Kina: maziwa, seleri.*

2. Saladi ya dengu na bilinganya. Dengu zilizopoa huchanganywa na bilinganya za kuchoma, nyanya na majani ya kotimiri, kisha humwagiwa sosi ya ufuta uliosagwa, ndimu na haradali. Haina nyama, maziwa wala mayai.
*Kina: ufuta, haradali.*

3. Kamba wa kukaanga. Kamba huchovywa katika rojo ya unga wa ngano na mayai, hukaangwa kwa mafuta mengi na kuletwa na mayonezi ya kitunguu saumu.
*Kina: jamii ya kamba na kaa, ngano, mayai, haradali.*

Vyakula vikuu

4. Samaki wa kuchoma kwa siagi ya limau. Mnofu wa samaki huchomwa juu ya bamba la chuma, ukamiminiwa siagi iliyoyeyushwa pamoja na maji ya limau, na huletwa na viazi vya kuchemsha. Miba huondolewa kwa mkono, lakini mwangalie mtoto anapokula. Kwa asiyetumia maziwa tunapika kwa mafuta ya zeituni.
*Kina: samaki, maziwa.*

5. Kuku kwa rojo ya karanga. Vipande vya paja la kuku hulazwa katika sosi ya soya, tangawizi na kitunguu saumu, huchomwa, kisha huzamishwa katika rojo nzito ya karanga zilizosagwa, na juu yake hunyunyizwa korosho zilizokaangwa. Tunaomba maelezo ya sahani hii yasomwe kwa makini kuliko mengine. Karanga haziwezi kutolewa, na moto hauondoi kinachosababisha mzio wake. Sosi ya soya nayo imetengenezwa kwa ngano, jambo ambalo mgeni anayeepuka gluteni huenda asilitarajie katika chakula cha kuku na wali. Kuacha korosho kunamsaidia mwenye mzio wa korosho kwa sehemu tu, kwani hukaangwa jiko moja na rojo hii, na kwake tunashauri namba 4 au 7. Rojo hupikwa kwa sufuria na mwiko wake, navyo havitumiki kwa chakula kingine.
*Kina: karanga, soya, ngano, korosho.*

6. Nyama ya ng'ombe kwa divai nyekundu. Nyama hupakwa unga wa ngano, hukaangwa hadi iwe ya kahawia, kisha huachwa kwenye moto mdogo pamoja na divai, karoti, seleri na uyoga mpaka ilainike. Kileo hakiishi chote kwa kupikwa, hivyo asiyetumia pombe kwa imani au kwa afya asiagize sahani hii.
*Kina: ngano, seleri, salfaiti.*

7. Mboga kwa tui la nazi. Boga, njegere, pilipili hoho na mchicha hupikwa katika tui zito lenye bizari, tangawizi na iliki, na huletwa na wali mweupe. Nazi haimo katika makundi 14 tuliyoyataja, lakini wapo watu wachache wanaodhurika nayo.
*Kina: hakuna kizio kati ya 14. Huenda kikagusana na: ngano.*

Chakula kikuu chochote kinaweza kuletwa na chipsi. Viazi vyake havina kizio, ila hukaangwa katika mafuta yale yale ya kamba wa namba 3, kwa hiyo mwenye mzio wa kamba, ngano au mayai asile chipsi zetu.

Vitindamlo

8. Keki ya chokoleti na lozi. Keki hii huumuliwa kwa mayai na unga wa lozi badala ya unga wa ngano, na chokoleti yake ina lesithini ya soya. Huokwa katika tanuri linalooka mkate.
*Kina: lozi, mayai, maziwa, soya. Huenda kikagusana na: ngano.*

9. Matunda kwa shira ya tangawizi. Matunda ya siku hukatwa mgeni anapoagiza, kwa kisu na ubao vya matunda pekee.
*Kina: hakuna kizio kati ya 14.*

Vinywaji

Kahawa na chai huletwa na maziwa ya ng'ombe pembeni. Maziwa ya soya na ya oti yapo kwa anayeyaomba, nayo ya oti yana gluteni. Bia zetu zote zimetengenezwa kwa shayiri, na divai zote zina salfaiti.