Muhtasari wa kikao cha mtaa, Kisenyi, Kampala, Jumapili 9 Machi 2025

Tumeanza saa kumi jioni, watu 31, mwenyekiti wa LC1 akafungua kwa dua.

Mtaro: hapa tumekaa sana, maana mvua za masika ndo zinaingia na mtaro wa nyuma ya msikiti umejaa kaveera mpaka maji yanarudi vyumbani kwa watu. Mama mmoja alituonyesha alama ya maji ukutani, inafika magotini. Kila nyumba itoe shilingi 5,000, mikono 23 juu, 6 wamekataa, 2 kimya. Wajane wamesamehewa, hilo wote tumeitikia kwa mdomo, hakuna aliyepinga.

Taa: imeahirishwa.

Mhazini anaanza kukusanya kesho, risiti lazima.

Katibu