Muhtasari wa Wasifu: Mchambuzi wa Data, Mauzo na Usambazaji

Nina uzoefu wa miaka 6 katika data za mauzo, ghala na wateja. Kazi yangu huanzia kwenye uamuzi unaosubiri jibu.

Kwa nini wateja wapya hawarudi? Idara ya masoko iliamini tatizo ni bei, na punguzo la asilimia 10 lilikuwa limeshaandaliwa. Niliwagawa wateja kwa mwezi wa ununuzi wa kwanza, kisha kwa siku walizosubiri mzigo. Waliopokea ndani ya siku 3 walirudi kwa asilimia 41. Waliosubiri zaidi ya siku 7, asilimia 18. Pengo lilibaki hata kwa bidhaa za bei ileile. Punguzo likafutwa, na fedha zake zikagharimia zamu ya pili ya upakiaji.

Tuagize kiasi gani? Bidhaa zilizoisha ghalani zilionekana hazitakiwi, kwa sababu siku isiyo na mzigo hurekodi mauzo sifuri. Nilipoziondoa siku hizo kwenye wastani, kiwango cha kuagiza upya kilipandishwa kwa bidhaa 64.

Ukurasa mpya wa malipo ulionekana kuushinda wa zamani siku ya 4 ya jaribio. Nilishauri lifikie wiki 2 zilizopangwa, kwa kuwa kuchungulia matokeo mapema huzaa ushindi wa bahati. Tofauti ilitoweka, ukurasa wa zamani ukabaki.

Natafuta nafasi ya mchambuzi mwandamizi karibu na wanaoamua bei na akiba ya bidhaa.