Mtihani wa Majaribio: Nani Ahudumiwe Kwanza?

Uko zamu ya usiku, idara ya dharura, Mombasa. Mpo wauguzi wawili tu. Daktari yuko upasuaji. Fuata njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu.

Swali la 1 (alama 4). Hawa wamefika pamoja. Utamwendea nani kwanza, na kwa nini?

A. Mvuvi wa Likoni aliyevunjika muundi. Anapiga mayowe. Presha 138/84.
B. Mpishi wa Kongowea aliyelipukiwa na gesi. Nyusi zimeungua, sauti imekwaruza, kohozi lina masizi. Oksijeni 97%. Ametulia.
C. Kijana wa bodaboda. Bandeji ya mkononi imeanza kulowa damu. Mapigo 106, presha 112/70.
D. Mzee wa kisukari, sukari 18. Ana kiu, anaongea vizuri.

Swali la 2 (alama 6). Wodini wanakuita wote kwa mpigo. Panga wawili wa kwanza, useme mwenzako utamtuma wapi.

A. Msichana wa miaka 9 mwenye pumu. Kifua kinalia filimbi, lakini anamaliza sentensi.
B. Mvulana wa miaka 10 mwenye pumu. Kifua kililia jioni nzima. Sasa kimya, anasinzia, oksijeni 87%.
C. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita. Pedi 2 zimelowa ndani ya dakika 15. Mapigo 126, presha 90/56.

Swali la 3 (alama 3). Mtu mzima amedungwa seftriaksoni. Midomo inavimba, anakoroma akivuta pumzi. Taja hatua 3 za mwanzo.

Mwongozo wa kusahihisha

1: B. Oksijeni 97% isimhadae mtu: koo lililoungua huvimba baadaye, na likishaziba kuingiza mpira wa kupumulia ni shida. Daktari aitwe sasa. Anayepiga mayowe njia yake ya hewa iko wazi, ingawa maumivu yake si ya kupuuzwa. Atakayechagua C hapati kitu, ila kama damu ingekuwa inaruka kwa kasi, kuikandamiza kungetangulia hata njia ya hewa. Mtahiniwa akilitaja hilo, mwongeze alama 1, jumla isizidi 4.

2: B, kisha C. Wengi huanguka hapa kwa kumkimbilia A kwa sababu ya kelele. Kifua cha pumu kinaponyamaza ghafla na mtoto anasinzia, hewa haipiti tena, si nafuu. Apewe oksijeni na dawa ya kupanua mirija, msaada uitwe. Lakini C hasubiri foleni: mwenzako aende papo hapo, akande tumbo juu ya mfuko wa uzazi, afungue dripu, aandae oksitosini. Aliyeandika “B, C” bila kumtuma mwenzake apewe alama 3 tu.

3: Simamisha dawa, ita msaada, adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Aliyeanza na dawa ya mzio ya vidonge akaiacha adrenalini hapati alama yoyote.