Yah: Malalamiko Yako Kuhusu Cherehani na Punguzo la Msimu wa Sikukuu

Ndugu Mteja,

Salaam nyingi, na pole kwa usumbufu ulioupata.

Barua yako imefika mezani kwangu na nimeisoma zaidi ya mara moja, pamoja na nakala ya mkataba wako na risiti zako zote tano. Umeandika kwamba ulilipa awamu ya mwisho ya cherehani tarehe 14 Desemba, siku ambayo tangazo la punguzo la asilimia 20 lilikuwa limebandikwa mlangoni kwetu, na kwamba ulitozwa awamu hiyo kamili ilhali jirani yako aliyekuja siku hiyo hiyo alinunua cherehani ya aina ile ile kwa bei iliyopunguzwa. Umeuliza kama mteja aliyetuamini tangu Oktoba ana thamani ndogo kuliko aliyeingia dukani kwa mara ya kwanza. Hilo ni swali zito linalostahili kujibiwa kwa ukamilifu, na anayeuliza hivyo baada ya kulipa bila kuchelewa hata mara moja ana haki ya kukasirika.

Naanza na jibu lenyewe, ili usisome barua nzima ukilitafuta: punguzo la sikukuu halihusu cherehani yako, na sitaweza kukurudishia awamu ya tano. Naomba sasa unipe nafasi nikueleze sababu.

Chini ya tangazo uliloliona kulikuwa na maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa", na masharti yenyewe yalibandikwa kaunta na kuchapishwa nyuma ya vipeperushi. Sharti la tatu linasema kwamba punguzo ni kwa bidhaa ambayo oda yake imefunguliwa na kulipwa yote kati ya tarehe 10 na tarehe 31 Desemba. Sharti la sita linaongeza kwamba bidhaa iliyokwisha kutengwa kwa malipo ya awamu haihusiki, kwa sababu bei yake ilifungwa siku mkataba uliposainiwa. Oda yako ilifunguliwa tarehe 4 Oktoba. Malipo ya mwisho yaliangukia ndani ya msimu, lakini mauzo yenyewe yalikuwa yameanza miezi miwili kabla yake, na ofa inaangalia siku oda ilipofunguliwa.

Naelewa kwa nini ilionekana vinginevyo. Kila awamu yako ilikuwa asilimia 20 ya bei, na punguzo nalo ni asilimia 20, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuona kwamba awamu ya tano ndiyo inayofutwa. Hesabu hiyo inavutia, nami ningekuwa mteja ningeipiga hivyo hivyo, ila mambo hayo mawili yamelingana kwa bahati tu na wala hayahusiani.

Kufunga bei ndilo jambo ambalo ningependa uliangalie kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo kiini cha mkataba wa awamu. Siku uliposaini, cherehani moja ilitolewa kwenye rafu, ikaandikwa jina lako na kuwekwa ghalani, na tangu siku hiyo hatukuruhusiwa kumwuzia mtu mwingine wala kukuongezea bei, iwe imepanda kiasi gani. Ulinzi huo haukubaki kwenye karatasi tu. Mwanzoni mwa Novemba bei ya cherehani hiyo ilipanda kwa asilimia 8, na awamu zako ziliendelea vilevile kana kwamba hakuna kilichotokea, bila riba na bila ada ya kuhifadhi. Jirani yako alipunguziwa asilimia 20 kutoka kwenye bei hiyo mpya iliyopanda, na ndiyo maana tofauti halisi kati ya alicholipa yeye na ulicholipa wewe ni takriban asilimia 14 ya bei yako, wala si 20. Sisemi kwamba asilimia 14 ni kitu kidogo. Nasema tu kwamba kufuli lililokuzuia usishuke na bei ya Desemba ndilo lililokukinga na bei ya Novemba, na tukilifungua kwa upande mmoja pekee, mkataba huo hautakuwa tena na maana kwa mteja wala kwa duka.

Umeuliza pia kwa nini mhudumu hakukushauri uvunje mkataba kabla ya awamu ya mwisho, urudishiwe fedha, kisha ununue upya kwa bei ya ofa. Mkataba unakuruhusu kuvunja, lakini kifungu cha tisa kinakata asilimia 10 ya fedha ulizokwisha kulipa, na marejesho yanaweza kuchukua hadi siku 30. Makato hayo yangekula zaidi ya nusu ya tofauti uliyoilenga, na huenda fedha zingekufikia ofa ikiwa imeshafungwa, huku cherehani yako imerudi kwenye rafu na kuuzwa. Mhudumu aliyenyamaza siku ile, kwa maoni yangu, hakukunyima njia yoyote ya kukufaa.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo limenipa wasiwasi zaidi ya mengine. Umeandika kwamba ukishakuwa mteja wa awamu, umefungiwa nje ya sikukuu nzima. Sivyo. Kilichotengwa ni cherehani iliyo kwenye mkataba, na si wewe. Bidhaa nyingine yoyote utakayoifungulia oda na kuilipia yote kabla duka halijafungwa tarehe 31 Desemba itapata asilimia 20 kamili, iwe ni meza ya cherehani, pasi, mkasi au nyuzi. Ninalisisitiza hili kwa sababu nisingependa hasira ya haki ikufanye ukose na kile kilicho chako.

Vilevile, kifungu cha kumi na moja cha mkataba wako kinampa mteja aliyemaliza awamu zote kwa wakati miezi sita ya ziada ya dhamana. Nimehakiki risiti zako na unastahili, hivyo dhamana yako sasa ni ya miezi 18 badala ya 12, na cheti chake kimeambatanishwa na barua hii. Tafadhali kihifadhi pamoja na risiti, maana fundi wetu atakiomba kabla ya kugusa mashine.

Kuhusu maandishi uliyosema yanahitaji miwani miwili, nimepeleka maoni yako kwa wanaoandaa matangazo, nikipendekeza kwamba sharti linalomhusu mteja wa awamu liandikwe sentensi moja kwa herufi kubwa chini ya asilimia yenyewe, na kwamba wahudumu walisome kwa sauti kwa kila anayekuja kulipa awamu wakati wa ofa.

Kama bado huridhiki, unaweza kuniandikia moja kwa moja au kufika ofisini siku yoyote ya kazi, tukae na mkataba wako tuupitie kifungu kwa kifungu. Unayo pia haki ya kulipeleka suala hili kwa chombo kinachowalinda walaji, na ukihitaji nakala ya nyaraka zozote tulizonazo kwa ajili hiyo, utapewa bila malipo.

Cherehani yako iko tayari, imekaguliwa na kutiwa mafuta, na usafirishaji wake hadi nyumbani umo ndani ya bei uliyokwisha kulipa. Naomba utujulishe siku itakayokufaa.

Wako katika huduma,

Msimamizi wa Huduma kwa Wateja